Somo: Mteja anaposema "jibu Nimepata tu" na maelezo yake yanagongana

Nachapa vyeti, kadi na risiti, na kazi nyingi huingia kwa ujumbe wa simu. Ujumbe unaotangulia kazi yenyewe ndio ulioniharibia karatasi nyingi kuliko mashine. Tuchukue huu:

"Habari dada. Nitakutumia majina 120 ya vyeti kwa mafungu matatu. Usianze mpaka la tatu liingie. Viwe A4 vya kulala, majina yote herufi kubwa. Navifuata Ijumaa saa 2. Ukielewa jibu Nimepata tu."

Fomu aliyojaza Jumatatu inasema A5, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye orodha.

Hatua ya 1: Soma ujumbe na fomu pamoja, kabla ya kujibu. Hapa vinapingana mara mbili, kwenye ukubwa na kwenye herufi. Halafu "saa 2" ina utata wake yenyewe. Kwetu ni asubuhi, lakini mtu anayesoma saa ya simu iliyo kwa Kiingereza huenda anakusudia saa 8 mchana.

Hatua ya 2: Tenga kinachorekebishika na kisichorekebishika. Herufi zinarekebishika, ilimradi usiyaguse majina yenyewe. Kwenye Word, chagua majina ubonyeze `Ctrl+Shift+A`: yataonekana kwa herufi kubwa huku yakibaki yalivyoandikwa, na ukibonyeza tena yanarudi. `Shift+F3` hubadilisha herufi zenyewe, na baadaye hutajua kama "bin" au "wa" ilikuwa na herufi ndogo. Ukubwa nao unasubiri. A5 ni nusu ya A4 na umbo ni lilelile, hivyo mchoro unapungua bila kupinda. Angalia tu maandishi ya chini, maana herufi za ukubwa wa 12 zitashuka hadi kama 8.5. Mlango unafungwa siku ya kununua na kukata karatasi. Saa ya kuchukua ndiyo isiyosubiri, kwa sababu ndiyo inayopanga usiku wako wa Alhamisi.

Hatua ya 3: Angalia nani anasema. Kama fomu na ujumbe ni vya mtu mmoja, kauli ya baadaye ndiyo ninayoishika. Kama fomu ilisainiwa na mwalimu mkuu na ujumbe umetoka kwa karani, kuja baadaye hakutoshi. Mwenye saini aulizwe. Na utaratibu wa duka haufutwi na ujumbe: hatuchapi kabla prufu haijasainiwa.

Hatua ya 4: Jibu. Anza na neno aliloliomba, ndilo analolitafuta kwa macho. Yale uliyoyaamua yataje kama uamuzi, kisha uliza jambo moja tu:

"Nimepata. Nasubiri fungu la tatu. Nashika A4 na herufi kubwa za leo, siyo maelezo ya fomu. Ijumaa ni saa 2 asubuhi au saa 8 mchana?"

Zamani nilikuwa natuma maswali sita kwa mkupuo. Mteja anajibu la mwisho, majina yanaanza kumiminika, na yale matano yanapotelea juu. Siku nyingine nilijibu "Sawa" pekee kwa saa 2 ya namna hii, nikaamini ni mchana. Mteja alifika asubuhi, mahafali yanaanza saa 4, na nusu ya vyeti havijakatwa. Alikuwa na haki ya kukasirika, maana "Sawa" yangu ilimthibitishia asubuhi yake.

Jibu likija, liandike kwenye fomu na tarehe. Anayesimama kwenye mashine hasomi simu yako.

Maswali ya wanachama

*Dada, asipojibu swali akaendelea kutuma majina?*
Mthibitishie kila fungu kwa idadi: "Nimepata fungu la 1, majina 40." Usilirudie swali kila mara, lirudi pamoja na prufu, pale ambapo lazima ajibu. Wakati huo jipange kwa asubuhi. Akija mchana atavikuta tayari.

*Kwa nini usimpigie tu?*
Napiga ikiwa muda umebana. Mkimaliza, tuma mstari mmoja: "Tumekubaliana saa 2 asubuhi." Bila huo, kila mtu anabaki na kumbukumbu yake.

*Amesema "Nimepata tu". Kuongeza swali si kumkaidi mteja?*
Anachokataa ni kusumbuliwa akiwa bado anakusanya majina, na hilo naliheshimu. Kama utata uliobaki ni wa herufi peke yake, najibu "Nimepata" na kumwonyesha kwenye prufu. Naongeza mstari pale tu ambapo kunyamaza kutatugharimu karatasi au muda, na kwa kazi hii ni ile saa 2.