Pima kutoka bikoni kabla zege la msingi halijamwagwa

Ukishapata kibali cha ujenzi, hakikisha namba ya kiwanja na kitalu vinafanana na vilivyo kwenye ramani yenye muhuri wa manispaa. Hilo ni la dakika mbili. Kazi yenyewe iko kwenye karatasi inayoonyesha nyumba ilivyokaa ndani ya kiwanja.

Soma umbali ulioandikwa kati ya mpaka na ukuta wa nje. Usiupime kwa rula, maana kopi za duka la steshenari mara nyingi hupunguza picha na kipimo kinadanganya.

Kule Goba, kwa kaka yangu, ramani ilisema mita 3 upande wa kushoto. Fundi akapima mita 3 kamili, ila alianzia kwenye uzio wa jirani. Tukafyeka nyasi tukazitafuta bikoni mbili za mpaka wa upande ule, tukavuta kamba kati yake. Kumbe jirani alijenga uzio sentimita 70 ndani ya kiwanja chake! Kwa hiyo ukuta wetu ungekaa mita 2.3 tu kutoka mpakani. Kuhamisha kamba kulichukua asubuhi moja.

Futi ya kupimia ikae pembe mraba na kamba ya mpaka, na iishie kwenye kamba ya uso wa nje wa ukuta. Ukiishia ukingo wa mtaro utamwonea fundi bure, kwa sababu mtaro huwa mpana kuliko ukuta. Bikoni isipoonekana, mwite mpima ardhi, msikisie.