SOMO: Mteremko, msuguano na magari vinavyobadilisha msukumo wa udongo ukutani

Tuchukue ukuta wenye kimo H = mita 5, mgongo wake wima. Nyuma kuna mchanga usio na maji, wenye uzito γ = 18 kN/m³, wenye pembe ya msuguano wa ndani φ = 30°. Fomula ni ya Coulomb, ambapo Ka ni kizidishi cha msukumo na Pa ni msukumo wenyewe:

```
Ka = cos²φ / (cosδ·(1+√(sin(φ+δ)·sin(φ−β)/(cosδ·cosβ)))²)
Pa = ½·Ka·γ·H²
```

Hatua ya 1. Anza na udongo uliolala tambarare, β = 0, na ukuta laini usio na msuguano, δ = 0. Ka ni 0.333, msukumo 75 kN kwa kila mita ya urefu wa ukuta.

Hatua ya 2. Inua udongo kwa mteremko β = 15°. Ka inapanda hadi 0.402, msukumo 90 kN. Kabari ya udongo inayotaka kuteleza imekuwa nzito zaidi.

Hatua ya 3. Ongeza msuguano wa ukutani, δ = 20°. Msukumo unashuka hadi 83 kN, lakini faida kubwa haiko kwenye namba hiyo. Nguvu sasa imeinama: 78 kN inasukuma ukuta mbele na 28.5 kN inaukandamiza chini, na huo mkandamizo husaidia ukuta usiteleze wala kupinduka. Hata hivyo, mimi huwa mchoyo wa δ. Ukuta ukitopea kuliko udongo ulio nyuma yake, msuguano hugeuka na kuuvuta juu.

Hatua ya 4. Weka magari, q = 10 kN/m² ikipimwa kwa eneo la mlalo. Nyongeza ni Ka·q·H = 0.371 × 10 × 5, yaani 18.5 kN, sawa na asilimia 22. Wengi huishia hapo. Msukumo wa udongo hukaa theluthi ya kimo, mita 1.67 kutoka chini, ila wa magari hukaa katikati, mita 2.5. Kwa hiyo momenti ya kupindua, ya sehemu inayosukuma mbele tu, inatoka 131 hadi 174 kNm, nyongeza ya asilimia 33.

MASWALI

*Mkuu, nimeweka β = 33° kikokotoo kinaleta kosa. Nimekosea wapi?*

Hujakosea kubonyeza. β imepita φ, hivyo ndani ya kipeuo kuna namba hasi. Mchanga huo hausimami kwa mteremko huo hata bila ukuta. Kwenye β = 30° penyewe, ukuta ukiwa laini, Ka ni 0.75 na msukumo unafika 169 kN. Ukikaribia φ, digrii moja tu ni ghali.

*Barabara yangu iko juu kabisa, mteremko ukishaisha. Bado naweka q yote?*

Ukiweka yote uko salama, ila unazidisha. Chora kabari kadhaa za majaribio kutoka kisigino cha ukuta, kila moja na uzito wake pamoja na magari yaliyo juu yake, kisha chukua inayotoa msukumo mkubwa kuliko zote. Usisahau kabari ndefu zinazofika barabarani. Magari yanaweza kuifanya mojawapo ndiyo iongoze.

*Na maji je?*

Hayamo humu. Yakijaa nyuma, hesabu yake hufanywa kando, na hayajui φ wala δ.