Somo: Menyu ya mtandaoni inayokataa oda jiko likiwa limefungwa

Wakuu, leo tuchukue mgahawa wa mfano uliopo Makole, Dodoma. Kabla ya kuandika code kaa na mpishi, muulize saa ya kufunga jiko na saa ya oda ya mwisho, maana ni vitu viwili tofauti. Jiko likizimwa saa nne usiku, kuku anayechukua nusu saa hawezi kuagizwa saa nne kasoro dakika tano. Kwa hiyo oda ya mwisho iwe saa tatu na nusu, na kwenye mfumo unaandika 21:30.

Kisha kanda za kupeleka chakula. Usipime kilomita kwenye ramani, weka orodha ya mitaa mteja achague. Tuseme Makole, Uhindini na Area C kima cha chini cha oda shilingi 8,000, Kisasa na Ilazo 15,000, na Mtumba 40,000 tena mwisho saa sita mchana, kwa sababu boda akienda kule na kurudi anapotea muda mrefu sana. Kima kihesabiwe kwenye chakula tu bila nauli. Mteja wa Kisasa akiweka chipsi kuku 9,000 na soda mbili za 1,000 ana 11,000, basi muoneshe "Ongeza 4,000", usimfungie batani kimya kimya akadhani saiti imekufa.

Sasa muda, hapa ndo wengi wanakwama. Seva nyingi zinatumia UTC, iko nyuma yetu masaa matatu, kwa hiyo usiku oda zinaendelea kuingia jiko limeshazimwa, na asubuhi mgahawa umefunguliwa ila saiti inagoma mpaka mchana. Ukiona hivyo usihangaike na kitu kingine, rekebisha majira ya saa:

```php
date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam');
$sasa = date('H:i');
$wazi = ($fungua < $mwisho)
  ? ($sasa >= $fungua && $sasa < $mwisho)
  : ($sasa >= $fungua || $sasa < $mwisho);
```

Mstari wa mwisho ni wa wale wanaofungua 18:00 mpaka 01:00, ukiuacha wataonekana wamefunga usiku kucha. $fungua ni saa ya kufungua, $mwisho ni saa ya oda ya mwisho na isomwe kutoka kwenye kanda ya mteja, na hesabu yote ifanyike kwenye seva, saa ya simu ya mteja mtu anaibadilisha tu.

Swali: Mkuu, mtu kajaza kikapu saa tatu na dakika 25, kabonyeza kutuma na dakika 35, inakuwaje?
Jibu: Kagua tena anapotuma, mkatalie, ila kikapu kibaki ili kesho aendelee.

Swali: Na kama analipa kwa simu, muda ukapita akiwa anaweka namba ya siri?
Jibu: Ukaguzi ufanyike kabla ya kumtumia ombi la malipo. Hela ikishaingia oda ipokelewe, dakika mbili tatu jikoni watazimudu, kurudisha hela ya mtu ndo kazi.

Swali: Umeme ukikatika saa moja jioni je?
Jibu: Mpe meneja swichi ya "funga sasa" kwenye simu yake, mfumo uiangalie hiyo kwanza kabla ya ratiba, na ijirudishe yenyewe asubuhi maana watasahau kuiwasha.

Swali: Kwenye sikukuu natumia hiyo hiyo swichi kaka?
Jibu: Hapana, tengeneza jedwali la tarehe maalum, tarehe ikiwepo humo ratiba ya kawaida isisomwe.