Bajeti ya mwezi ikikubali kwenye shiti lakini hela haikubali

Jamani kama shiti yako ya bajeti inajumlisha fresh, msiiamini haraka, maana kosa la kuhesabu akiba mara mbili halionekani kabisa kwa asilimia. Mfano mapato 900,000, jumla ya matumizi inasoma 720,000, akiba 90,000, salio 90,000. Ukipiga asilimia ni 80, 10 na 10, jumla 100, unafunga kompyuta unaenda kulala. Sasa hesabu hela yenyewe, iliyopo benki (bila akaunti ya akiba), kwenye simu na mfukoni, toa ile uliyovuka nayo kutoka mwezi uliopita. Unakuta 180,000!

Tofauti ni 90,000, yaani sawasawa na akiba, na hapo ndo mwizi anajulikana. Mstari wa akiba umekaa B11, chini tu ya matumizi, na fomula ya jumla imeumeza, halafu salio likaja kuitoa tena:

```
B12: =SUM(B3:B11)
B13: =B2-B12-B11
```

B12 iwe `=SUM(B3:B10)`, basi matumizi yanashuka hadi 630,000 na salio linarudi 180,000. Kiwango cha akiba kinabaki 10% ile ile, ndo maana kukikagua peke yake hakusaidii kitu.

Tofauti isipofanana na mstari wowote, mi huwa naacha fomula natafuta matumizi niliyosahau kuandika, mara nyingi ni makato ya kutuma hela.