Stopping, studies, hoped: namna ninavyoandaa karatasi ya mazoezi ya tahajia ya vitenzi vya Kiingereza kwa wanaoanza

Mtoto wa Dodoma aliyekulia kwenye Kigogo na Kiswahili amezoea kwamba herufi ikiandikwa inasomwa. Mwandikie *hope*, ataona silabi mbili, ho-pe. Ukimwambia aongeze *ing* ataandika *hopeing*, na kwa mantiki yake yuko sahihi: kwa nini aifute irabu halali? Ndiyo maana siweki orodha ya kanuni juu ya karatasi. Naanza na jozi moja tu, *hop* na *hope*, na kila kitu kingine nakijenga hapo.

Hatua ya 1: Chagua vitenzi

Vitenzi 12 vinatosha, vinne kwa kila kundi:

- *stop, plan, hop, beg*
- *hope, bake, smile, use*
- *help, cook, rain, wait*

Usiingize *run, sit* wala *swim*. Kwenye *ing* vinafuata kanuni, lakini wakati uliopita ni *ran, sat, swam*. Mtoto aliyeelewa vizuri ndiye atakayekuandikia *runned*, na hutakuwa na jibu la kumridhisha.

Hatua ya 2: Kitenzi kikaguliwe kuanzia mwisho

Mwanafunzi ajiulize maswali mawili kwa mpangilio huu.

Kwanza: kinaishia na *e* isiyotamkwa? Kama ndiyo, ifute kisha ongeza *ing* au *ed*. *Hope* inakuwa *hoping, hoped*.

Pili: kama hakuna *e*, herufi tatu za mwisho ni konsonanti, irabu moja, konsonanti? Kama ndiyo, rudia konsonanti ya mwisho. *Hop* inakuwa *hopping, hopped*. Herufi *w, x* na *y* hazirudiwi: *fixing, playing*.

Kama majibu yote ni hapana, ongeza tu. *Help* ina konsonanti mbili mwishoni, *rain* ina irabu mbili, kwa hiyo *helping, raining*.

Hapa simama kidogo ueleze sababu. Soma kwa sauti: *hop* ina o fupi, *hope* inasikika kama "houp". *E* ikishafutwa, *hoping* inabaki na p moja. Sasa *hop* nayo ikiandikwa kwa p moja, maneno mawili yatafanana kabisa. P ya pili ni ukuta unaoilinda ile o fupi. Watoto wakishalisikia hilo, kurudia herufi hakuonekani tena kuwa ukorofi wa Waingereza.

Hatua ya 3: Waambie warudi nyuma

Zoezi hili ndilo ninalolithamini kuliko yote. Wape neno lililokamilika, waandike kitenzi cha asili: *stopped, hoped, planning, baking, begged, waiting*. Anayejaza nafasi anaweza kubahatisha, lakini anayerudi nyuma lazima ajue kwa nini *hoped* imetoka *hope* na si *hop*. Malizia na sentensi mbili za kwao: *The bus is ____ (stop) at Kibaigwa. Yesterday it ____ (rain) in Mpwapwa.* Karatasi za kudurufu zisipotosha, andika ubaoni.

Hatua ya 4: *s* na *y*, karatasi ya pili

*S* haianzi na irabu, kwa hiyo haifuti wala hairudii chochote: *stops, hopes*. Baada ya *s, sh, ch, x, z* weka *es*: *washes*. *Go* na *do* nazo ni *goes, does*.

Kwa *y*, angalia herufi iliyo kabla yake. Ikiwa konsonanti, *y* inageuka *i*: *studies, studied*. Ikiwa irabu, haiguswi: *plays, played*. Mbele ya *ing*, *y* inabaki daima, *studying*, la sivyo i mbili zingefuatana.

Hatua ya 5: Sahihisha kwa kutafuta swali lililorukwa

Tuseme umepokea majibu haya: *stoping, helpping, bakeing, rainning, studing*. Ukiweka mkasi kila mahali na kuandika 0/5, hujajua kitu. *Bakeing* hakujiuliza swali la kwanza. *Stoping* alilijibu la kwanza, la pili akaliruka. *Helpping* na *rainning* ni za aliyekariri kwamba *ing* hurudia herufi. Mwambie apigie mstari herufi tatu za mwisho za kitenzi kabla ya kuandika. *Studing* ameifuta *y* kana kwamba ni *e*.

Vitenzi vya silabi mbili kama *visit* na *begin* viache kwa baadaye. Huko herufi hurudiwa mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho: *beginning*, lakini *visiting*. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mtoto hutamka *begin* na *visit* kwa mkazo uleule, na sikio lake haliwezi kumsaidia kuchagua. Kisha inakuja *travelling*, ambayo kwa tahajia ya Uingereza tunayofundisha inarudia l ingawa mkazo uko mwanzoni. Hiyo wafundishe kama neno la kukariri.