Jino la Lamu, daktari wa Malindi

Ukiwa Lamu na jino linahitaji kutibiwa mzizi kisha kuvikwa kofia, usipande boti ya Mokowe kwenda kwa daktari wa meno Malindi kabla hujaipigia simu bima. Uliza kama daktari huyo bado yumo kwenye orodha yao. Orodha hubadilika, na bima nyingi hazimlipi aliye nje yake, au hukurudishia sehemu tu.

Uliza pia kipindi cha kusubiri. Kusafisha hulipwa mapema, lakini kofia huweza kungoja miezi 6 au hata 12 tangu bima ianze.

Panapoumiza zaidi ni kikomo cha mwaka, yaani kiasi cha juu ambacho bima hulipa kwa mwaka. Tuseme chako ni shilingi 30,000 na bima huanza upya Januari. Umeshasafisha meno kwa 4,000, zimebaki 26,000. Mzizi ni 18,000, kofia 25,000. Ukifanya yote Novemba, 17,000 zatoka mfukoni mwako. Mzizi ukitibiwa Desemba na kofia ikawekwa Januari, bima yalipa zote, na zabaki 5,000 za kusafisha mwaka mpya. (Angalia tu kama wanaruhusu kusafisha mara moja au mbili kwa mwaka.)

Mwulize daktari kwanza kama jino litahimili hizo wiki. Likiwa limebomoka sana laweza kupasuka, na hapo hung'olewa. Heri ulipe hizo 17,000. Akikubali, aombe idhini ya bima kwa maandishi kwa kila kazi, nawe usisafiri kabla haijafika.