Kufuta kadi, anwani na kumbukumbu za manunuzi kabla ya kufunga akaunti ya Facebook

Anza na kadi, maana ndiyo inayogoma. Kadi uliyoweka kulipia matangazo ina mahali pake: ingia Ads Manager, kisha Billing & payments.

Tuseme dada mmoja wa Mbeya ananunua na kuuza vitenge, na aliwahi kulipia tangazo kwa kadi. Anabonyeza kuiondoa, inakataa. Mara nyingi ni kwa sababu kuna deni la tangazo ambalo halijakatwa, au kadi hiyo ndiyo njia pekee ya malipo iliyopo. Asimamishe matangazo yote, alipe deni hapohapo, kisha aweke njia nyingine iwe kuu au afunge kabisa akaunti ya matangazo. Kama ni kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, asiifute upande wa simu kabla deni halijaisha. Kadi itakufa, deni litabaki, na mlango utaendelea kugoma.

Kivinjari nacho huwa na nakala yake. Kwenye Chrome, fungua Settings, ufute kilichomo kwenye Payment methods na Addresses and more.

Sasa anwani. Huku kwetu mizigo mingi hupanda basi, na anwani huwa ni ujumbe tu: "Nitumie stendi ya Nane Nane, jina langu hili, namba hii." Ujumbe huo uko Messenger, na ukifuta akaunti haufutiki kwa muuzaji; unabaki kwenye simu yake. Kwa hiyo pitia mazungumzo ya kila muuzaji kabla hujafunga. Gandamiza ujumbe wenye jina au namba, chagua Unsend, halafu Unsend for everyone. Ukifuta mazungumzo yote kwa mkupuo, yanaondoka kwako peke yako. Muuzaji ataona kuwa kuna ujumbe umeondolewa, na kama aliupiga picha au kuunakili daftarini, mwombe mwenyewe aufute. Usianze kazi hii wakati mzigo uko njiani, kwani ujumbe huo ndio ushahidi wako ukipotea.

Manunuzi yenyewe, pakua nakala kwanza kupitia Accounts Center, Your information and permissions. Rekodi za malipo haziishi zote kwa kufuta: kampuni hubaki na zile inazotakiwa na sheria kuzitunza, na taarifa ya benki inabaki ilivyo.

Mwisho, Accounts Center: Personal details, Account ownership and control, Deactivation or deletion, chagua Delete account. Ukichagua kusimamisha tu, Messenger inaendelea kufanya kazi na taarifa zako zinabaki. Una siku 30 za kughairi, na ukiingia hata mara moja ukabatilisha ombi, unaanza upya. Kwa hiyo toa akaunti hiyo kwenye simu zote, pamoja na ile ya dukani. Kufutwa kwa vilivyomo kunaweza kuchukua hadi siku 90.